Umeambiwa "damu yako ndogo": soma mwenyewe karatasi ya majibu hatua kwa hatua

Ukitoka maabara ukaambiwa "damu yako ndogo" bado hujaambiwa unaumwa nini, umeambiwa kiasi tu. Ni sawa na mtu aliyeambiwa ana homa, sasa homa ya nini, malaria au kidonda au mkojo mchafu, hiyo bado. Mimi nafanya kazi maabara, huku huku kusini mwa Tanzania, na kila wiki naona watu wanapokea karatasi ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, wanaikunja wanaiweka mfukoni wanapitia dukani kununua vidonge vya kuongeza damu, basi imeisha. Miezi mitatu baadae wanarudi namba ile ile. Kwa hiyo nimeona niandike jinsi ya kuisoma hiyo karatasi, sio ili ujitibu, ni ili ukikaa mbele ya daktari ujue swali la kuuliza na usiondoke kabla hujajibiwa.

Kitu kimoja kwanza. Tunaposema upungufu wa damu hatumaanishi kwamba damu yenyewe imepungua ujazo mwilini. Mtu anaweza kuwa na ujazo wa kawaida kabisa lakini kilichopungua ni himoglobini, yaani ile protini nyekundu iliyo ndani ya chembe nyekundu ambayo ndo inabeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Katikati ya himoglobini kuna madini chuma, bila chuma haitengenezeki. Ndo maana dripu ya maji haiongezi damu, hata ukipewa chupa nne, itaongeza maji tu na himoglobini itaonekana imechuja zaidi.

HATUA YA 1: Tafuta mstari ulioandikwa HGB

Karatasi ya FBP inakuwa na mistari mingi, usiogope, wewe leo unahitaji hasa miwili, HGB na MCV. Anza na HGB, sehemu nyingine wameandika Hb. Angalia namba na kipimo kilichoandikwa pembeni. Mashine nyingi zetu zinatoa g/dL, mfano 8.1 g/dL. Nyingine zinatoa g/L na hapo utaona 81. Ni kitu kile kile, gawanya kwa kumi. Nimeshaona mtu amefurahi kwamba damu yake imetoka 9 mpaka 92, kumbe alibadilisha hospitali tu na mashine ni nyingine.

Alafu kuna mstari wa HCT, huo ndo unaoleta taharuki kwa sababu umeandikwa kwa asilimia. Mtu anaona HCT 27% anapiga simu nyumbani analia kwamba amebakiwa na damu asilimia ishirini na saba. Sio hivo. HCT inasema katika damu yako ni sehemu kiasi gani ni chembe nyekundu, sehemu inayobaki ni maji ya damu, na hata mtu mzima kabisa mwenye afya haifiki mia wala nusu mara nyingi, iko kwenye arobaini hivi. Kwa kawaida HCT ni karibu mara tatu ya HGB. Kwa hiyo ukishaijua HGB, hiyo HCT iache ikae. Wazee wetu wanaosema "damu yake asilimia sitini" wao wanatumia hesabu ya zamani ya kipimo cha kulinganisha rangi, hiyo nayo sio HCT, usizichanganye hizi mbili.

Na uliza umepimwaje. Kama umetobolewa kidole na damu ikawekwa kwenye kamashine kadogo, jibu linaweza kupishana na la mshipani kwa hata gramu moja juu au chini, hasa kama kidole kilikuwa kinakaza damu haitoki wakakikamua sana, maana ukikamua yanatoka na maji ya kwenye nyama yanaizimua damu. Kipimo cha kidole kinafaa kliniki ya wajawazito na kwenye zahanati za mbali, lakini kama uamuzi mkubwa unategemea hiyo namba basi omba damu ya mshipani na mashine ya FBP.

HATUA YA 2: Namba ni ya nani

Hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu wanalinganisha na jirani. Himoglobini ya 11.5 kwa mwanaume ni upungufu, kwa mama mjamzito ni sawa kabisa. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, mwanaume mtu mzima anahesabiwa ana upungufu akiwa chini ya 13.0, mwanamke asiye na mimba chini ya 12.0. Mjamzito ni chini ya 11.0 miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, ila ile mitatu ya kati ni chini ya 10.5, kwa sababu katikati ya mimba maji ya damu yanaongezeka haraka kuliko chembe, kwa hiyo namba inashuka kidogo bila ugonjwa wowote. Mtoto wa miezi 6 mpaka 23 ni chini ya 10.5, wa miaka miwili mpaka chini ya mitano ni chini ya 11.0.

Sasa angalia ile herufi L au H pembeni ya namba. Hiyo mashine inaweka yenyewe kwa kufuata mipaka iliyowekwa kwenye kompyuta yake, na mara nyingi mashine haijui kama wewe ni mjamzito, wakati mwingine hata haijui kama aliyepimwa ni mtoto wa mwaka mmoja, kama aliyeingiza taarifa hakuandika umri. Kwa hiyo mama wa wiki 22 anaweza kuona L nyekundu kwenye 10.8 akakosa usingizi wakati yuko sawa, na baba wa miaka 60 mwenye 12.4 asioneshwe chochote wakati yeye ndo wa kutafutiwa sababu haraka. Usiiamini L peke yake, linganisha na mtu.

HATUA YA 3: Imeshuka kiasi gani, na imeshuka kwa kasi gani

Kwa mwanamke asiye mjamzito 11.0 mpaka 11.9 ni upungufu mdogo, 8.0 mpaka 10.9 ni wa kati, chini ya 8.0 ni mkali. Kwa mwanaume ni hivyo hivyo isipokuwa ule mdogo unaanzia 12.9 kushuka. Kwa mjamzito na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mkali ni chini ya 7.0.

Ila kasi ina uzito kuliko namba yenyewe, na hili naomba ulishike. Mtu ambaye damu imekuwa ikishuka kidogo kidogo mwaka mzima anaweza kuwa na 6 na akaja kwa miguu yake, mwili umeshazoea, moyo unapiga haraka kidogo kufidia, yeye anasema tu "nachoka nikipanda kilima". Mwingine aliyetoka 12 akafika 7 ndani ya siku mbili kwa malaria kali au kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, huyo anaweza kufa leo. Na kuna mtego mwingine, mtu aliyetokwa na damu nyingi sasa hivi, ajali ya bodaboda mfano, himoglobini yake ya saa ya kwanza inaweza kutoka kawaida kabisa kwa sababu chembe na maji vimetoka kwa pamoja, mpaka mwili uanze kuvuta maji ndo namba inashuka. Huyo hutizami karatasi, unamtizama yeye.

Usisubiri kesho kama mgonjwa anahema akiwa amekaa tu, moyo unaenda mbio bila kazi, kifua kinauma, amezimia akisimama, miguu imevimba pamoja na kuishiwa pumzi, amechanganyikiwa, au mtoto ana homa na viganja vimekuwa vyeupe na hanyonyi. Mtoto mwenye homa na himoglobini chini ya 5 ni wa kukimbizwa hospitali inayoweza kuongeza damu usiku huo huo, huku kwetu malaria ndo inayofanya hivyo zaidi. Najua kwenye familia zetu mara nyingi safari inasubiri mjomba aseme, basi mwambieni mjomba kwa simu mkiwa tayari mko njiani.

HATUA YA 4: Sasa shuka mpaka MCV

Hii ndo sehemu ambayo karibu hakuna mtu anayeambiwa na ndo yenye faida kubwa kuliko zote. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu moja. Kwa mtu mzima kawaida ni 80 mpaka 100. HGB inakwambia himoglobini ni kiasi gani, MCV inakuelekeza ni kwa nini imepungua.

Ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo, kinachofikiriwa kwanza ni ukosefu wa madini chuma. Chembe inatengenezwa lakini haina cha kujazia, inatoka ndogo na imepauka. Mara nyingi pembeni yake RDW, yaani kipimo cha chembe zinavyotofautiana ukubwa, inakuwa juu, zaidi ya 15 hivi, maana chembe zinakuwa hazilingani, za zamani kubwa na mpya ndogo. Kama MCV iko chini lakini RDW ya kawaida na mtu wala haumwi, inaweza kuwa ni hali ya kuzaliwa nayo inayoitwa thalasemia ndogo, ipo sana watu wa pwani, na huyo vidonge vya chuma havimsaidii kitu.

Ikiwa juu ya 100, chembe ni kubwa kupita kiasi, hapo fikiria ukosefu wa folik asidi au vitamini B12, pombe ya kila siku, ini, au dawa kama zile za ARV zenye zidovudini.

Ikiwa katikati, 80 mpaka 100, na HGB iko chini, hapo orodha ni nyingine, malaria, kutokwa damu hivi karibuni, selimundu, figo, au ugonjwa wa muda mrefu kama TB na VVU. Kuna kitu kingine pia, mtu anaweza kukosa chuma na folik asidi kwa pamoja, kimoja kinavuta chini kingine juu, wastani unatoka 86 unaonekana mzuri. Inayofichua siri hapo ni RDW, itakuwa juu sana.

Kwa watoto wadogo MCV ya kawaida iko chini ya ya watu wazima, mtoto wa mwaka na nusu mwenye 74 anaweza kuwa sawa tu, kwa hiyo hiyo 80 usimpimie mtoto.

Niwape mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho, nimebadilisha mambo kidogo asijulikane. Dada wa miaka 34, wa vijijini Tandahimba, analima korosho na ana watoto watatu, mimba hana. Alikuja kwa kuchoka, kichwa kuuma na kizunguzungu, na alisema mwenyewe kwamba anatafuna mchele mbichi na kula udongo hawezi kuacha. Majibu yake yalikuwa HGB 8.1, MCV 66, RDW 19, na chembe za kugandisha damu, PLT, 480.

Tusome. 8.1 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa kati, lakini uko mlangoni kabisa mwa mkali. Amekuja akitembea na pumzi yake akiwa amekaa ni ya kawaida, maana yake damu imeshuka pole pole. MCV 66 na RDW 19 vyote vinasema chuma. Hata PLT kupanda kidogo inaonekana mara nyingi kwa waliokosa chuma. Na ile hamu ya mchele mbichi na udongo ni dalili inayojulikana ya kukosa chuma, sio tabia mbaya wala sio lazima iwe mimba, alafu udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisiingie mwilini. Ingewezekana kupima feritini, ambayo ni akiba ya chuma, ila vituo vingi havina, na feritini nayo inapanda mwili ukiwa na maambukizi hivyo inaweza kudanganya. Kwa picha kama hii daktari anaweza kuanza bila hiyo.

HATUA YA 5: Chuma kimeenda wapi

Mtu mzima hakosi chuma hivi hivi. Ama hakiingii cha kutosha, ama kinatoka na damu. Kwa mtu mzima kutoka ndo kwenye kesi nyingi, na hapa ndo nawaomba msiondoke bila jibu.

Kwa mwanamke ulizeni hedhi kwanza, na semeni ukweli wote hata kama aliyekaa mbele yenu ni kijana. Huyu dada aliposema "kawaida tu" nesi akamuuliza pedi ngapi kwa siku, ikatoka kwamba anabadilisha karibu kila saa siku mbili za mwanzo, kuna mabonge, na inaenda siku nane. Hiyo sio kawaida, ila kama mama yako na dada zako wote wako hivyo utaiona kawaida. Ukijaza pedi chini ya saa mbili, au hedhi inazidi siku saba, itaje. Na kama una kitanzi cha shaba kitaje pia kwa sababu kinaweza kuongeza damu ya hedhi.

Cha pili ni safura. Mikoa yetu ina joto na mchanga wenye unyevu, na watu wanapalilia mikorosho pekupeku. Mnyoo wa safura unaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, unafika kwenye utumbo unang'ang'ania ukutani unanyonya damu kila siku. Huoni damu kwenye kinyesi, huumwi sana tumbo, unapauka tu. Anapimwa kwa kinyesi na kiwe kipya, ukikileta kimelala nyumbani tangu jana jibu la "hakuna kitu" halina maana. Huyu dada alikutwa na mayai ya safura akapewa albendazo ya miligramu 400, na alipelekwa altrasaundi kuangalia uvimbe kwenye kizazi, hakukutwa nao, akaanzishiwa dawa ya kupunguza hedhi. Kwa wanaooga mabwawani na wavulana wanaokojoa damu mwishoni mwa mkojo, kichocho kipimwe.

Kwa mwanaume, na kwa mama aliyekoma hedhi, HGB ndogo yenye MCV ndogo ni jambo zito zaidi hata kama namba sio mbaya sana, kwa sababu yeye hana hedhi ya kusingizia. Damu inatoka mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni tumboni, vidonda vya tumbo, diklofenaki za kila siku kwa ajili ya mgongo, bawasiri, au saratani ya tumbo au utumbo mpana. Babu mwenye 10.2 na MCV 71 akipewa vidonge vya damu tu akarudishwa nyumbani, namba inaweza kupanda kabisa na uvimbe ukaendelea kukua ndani. Huyo aombewe rufaa akachunguzwe kwa kipimo cha kamera.

HATUA YA 6: Dawa, na jinsi ya kujua kama inafanya kazi

Vidonge vinavyotolewa sana ni FEFO, vina chuma na folik asidi pamoja. Kidonge chenye feras salfeti miligramu 200 kinakupa chuma chenyewe kama miligramu 60 hivi. Fuata dozi uliyoandikiwa, usizidishe kwa kudhani itaenda haraka, mwili una homoni inafunga mlango wa chuma ukikimwaga kingi kwa mara moja, ndo maana wanaosumbuliwa na tumbo wakati mwingine wanaambiwa wameze siku moja waruke siku moja na bado damu inapanda. Kinyesi kitakuwa cheusi, ni kawaida ya dawa. Kilichokuwa cheusi kama lami kabla hujaanza vidonge sio kawaida, hiyo kimbia hospitali. Na vidonge viwekeni juu mbali na watoto, vinaonekana kama pipi na mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua, sitii chumvi.

Yule dada baada ya wiki nne alirudi HGB ikawa 8.5. Nyumbani walifurahi, imeongezeka. Hapana, kutoka 8.1 kwenda 8.5 ni tofauti ambayo kipimo peke yake kinaweza kuileta, haijapanda. Dawa ya chuma ikifanya kazi na sababu ikiwa imezibwa tunategemea ipande walau gramu moja kwa wiki nne, ikizidi vizuri zaidi. Isipopanda maswali ni matatu tu, unameza kweli, kinaingia kweli, na damu imeacha kutoka kweli. Kwake jibu lilikuwa la pili. Alikuwa anameza kila asubuhi na chai ya rangi pamoja na kiazi kitamu, na chai inakamata chuma tumboni kabla hakijafyonzwa. Maziwa na dawa za kupunguza asidi ya tumbo nazo zinazuia.

Akaambiwa ameze saa nne asubuhi tumbo likiwa halina kitu, na maji au chungwa, chai ikae mbali saa moja mpaka mbili kabla na baada. Vitamini C inasaidia chuma kuingia, na huku msimu wa korosho tuna mabibo yanaoza chini ya mikorosho, hayo yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, kula tu. Wiki nne nyingine ikaja 10.2 na MCV 74. Wiki nne tena 11.6. Baadae 12.5 na MCV 83, na hamu ya udongo ilishakwisha siku nyingi kabla ya hapo.

Hapo 12.5 ndo watu wanaacha dawa, na ndo wanarudi. Namba ya HGB ikifika kawaida maana yake chembe zimejaa, lakini ghala la akiba bado tupu, mwili unajaza chembe kwanza. Endelea kama miezi mitatu tena baada ya kufika kawaida, kwa maelekezo ya daktari, alafu pima tena.

Kuhusu chakula, maana naulizwa sana. Rangi nyekundu ya juisi ya rozela au bitiruti haigeuki kuwa damu. Chuma kinachoingia kirahisi kiko kwenye nyama, maini, dagaa, samaki, kisha ndo mbaazi, kunde na mboga za majani ambazo chuma chake kinaingia kidogo na kinahitaji msaada wa tunda chachu au kipande cha samaki kwenye sahani hiyo hiyo. Kisamvu na dagaa ni mlo mzuri kwa sababu hiyo. Ila ukiwa na 8, chakula peke yake hakikutoi huko, kinakulinda usirudi. Na mjamzito asile maini kila siku, vitamini A iliyomo ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wasiofaa kufuata hatua hizi kama zilivyo

Mgonjwa wa selimundu. Huyu anaishi na himoglobini ya 6, 7 au 8 miaka yote, ndo kawaida yake. Cha kujua ni namba yake ya siku akiwa mzima, iandikwe kwenye daftari la kliniki, ili siku akiumwa ikawa 5 wakati kawaida yake ni 7.5 mtu ajue imeshuka. Asipewe chuma kwa sababu tu karatasi ina L, kwa sababu chembe zake zikivunjika chuma kinabaki mwilini, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi tayari. Apewe pale tu imethibitika anakosa.

Mtoto mwenye malaria siku hiyo. Tibu malaria kwanza na umpime tena baada ya wiki mbili mpaka nne, maana himoglobini inaweza kuendelea kushuka siku kadhaa hata baada ya wadudu kuisha. Dawa ya chuma daktari ataamua aianze lini.

Na mjamzito, hata akiwa na 11.4 nzuri, FEFO za kliniki anaendelea kumeza kila siku, zile ni za kinga. Akiwa chini ya 7, au yuko karibu kujifungua na bado yuko chini, asipangiwe kujifungulia zahanati isiyo na damu ya kuongeza, hilo liongelewe mapema kwenye kliniki na watu wa kuchangia damu watafutwe kabla.

Karatasi za zamani msizitupe. Zipige picha kwenye simu zikiwa na tarehe, HGB na MCV zionekane, kwa sababu daktari akiona 9.4 peke yake anajua kidogo sana, akiona 12.1 ya mwaka jana, 10.8 ya mwezi wa tatu na 9.4 ya leo anajua kuna mahali panavuja na ataanza kupatafuta siku hiyo hiyo.